Dozi ya kwanza ya homa ya papasi tuinywe zahanatini

Ndugu zangu wa Kilakala, homa ya papasi wengi wetu tunaijua kwa jina tu. Leo naomba tuzungumze hasa juu ya saa chache zinazofuata baada ya kidonge cha kwanza au sindano ya kwanza. Saa hizo humtisha mgonjwa aliyekuwa anaelekea kupona, na zikimkuta peke yake chumbani zinaweza kumwangusha.

Labda utauliza: homa hii si ya Dodoma, kwenye vijiji kama Mvumi? Ni kweli, huko ndiko ilikozoeleka. Lakini nani kati yetu hana ndugu upande huo? Tunakwenda misibani, minadani na kwa bibi wakati wa likizo, na tunalala tunakokaribishwa.

Papasi hukaa kwenye nyufa za kuta za udongo na kwenye vumbi la sakafu, hasa katika nyumba za tembe. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda usiozidi nusu saa hivi, kisha hurudi ufani. Aliyeumwa mara nyingi haamki. Robert Koch alipoichunguza homa hii katika nchi yetu mwaka 1905, aliviona vijidudu vyake hata ndani ya mayai ya papasi. Ndiyo maana nyumba ikishaingiliwa, papasi wanaozaliwa humo huweza kuendeleza ugonjwa kwa miaka.

Tuseme kijana wa hapa amelala kwa bibi yake Mvumi siku tatu, akarudi Kilakala mzima. Baada ya wiki moja hivi homa inampanda ghafla, kichwa kinamgonga, viungo na misuli vinamuuma. Anakwenda kupima malaria kwa kipimo cha haraka, anaambiwa hana. Anameza parasetamoli. Siku ya nne au ya tano jasho linamtoka kwa wingi, homa inakatika, anarudi kazini. Wiki nyingine inapita, homa ile ile inarudi.

Kipimo hakikukosea. Kile cha haraka hutafuta malaria tu. Kijidudu cha homa ya papasi huonekana pale damu inapotazamwa kwa darubini, na iwe imechukuliwa wakati homa imepanda. Homa ikishuka, vijidudu hupungua mno kwenye damu na huweza visionekane kabisa.

Sasa mganga atajuaje atafute nini? Atajua ukimwambia. Ukifika zahanati na homa, taja mahali ulipolala wiki mbili au tatu zilizopita, hata kama hukuulizwa. Hata ukikutwa na malaria, taja, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuwa na homa zote mbili.

Kijana wetu anataja, damu inatazamwa, vijidudu vinaonekana. Atapewa dawa gani?

Kwa mtu mzima, dawa inayotumika zaidi ni doksisaiklini, miligramu 100 asubuhi na miligramu 100 jioni, kwa siku 7 hadi 10. Ameze kwa maji mengi akiwa amekaa wima, na asilale papo hapo, maana kidonge kikikwama huunguza koo. Mama mjamzito na mtoto mdogo huchaguliwa dawa nyingine, kama erithromaisini au penisilini. Mama mjamzito asichelewe hata siku moja, kwani homa hii huweza kuharibu mimba.

Kwa nini basi wote wasichomwe penisilini, wamalize kwa sindano moja? Kwa sababu penisilini huviua vijidudu polepole zaidi. Faida yake ni kwamba mtikisiko wa mwili baada ya dozi kwa kawaida huwa mdogo zaidi. Hasara yake ni kwamba homa huweza kurudi. Doksisaiklini husafisha damu upesi, lakini mtikisiko wake huweza kuwa mkali. Uamuzi huo tumwachie mganga, anayejua umri wako, hali yako na kama dawa fulani inakudhuru.

Mtikisiko huo ni nini? Vijidudu vingi vinapokufa kwa mkupuo, mabaki yake humwagika kwenye damu, na mwili hupandisha homa kupambana nayo. Jambo hili hubeba majina ya madaktari wawili wa ngozi, Jarisch na Herxheimer, walioliona zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa wagonjwa wa kaswende.

Tumfuate kijana wetu. Anameza kidonge saa tatu asubuhi. Kwenye saa tano anaanza kutetemeka kwa baridi hadi meno yanagongana. Homa inapanda kuliko ilivyokuwa, moyo unakwenda mbio, pengine anaweweseka. Baadaye baridi inaisha, jasho linamiminika, na shinikizo la damu linashuka. Hapa ndipo pa hatari. Akinyanyuka ghafla anaweza kuanguka na kuzimia, hata kupoteza maisha. Jioni wengi huwa wametulia.

Je, kumeza parasetamoli mapema kutauzuia mtikisiko huu? Hapana, ingawa hupunguza maumivu. Kinachomsaidia mgonjwa ni kitanda, maji ya kunywa, muuguzi wa kupima homa na shinikizo, na dripu ikihitajika.

Kwa hiyo dozi ya kwanza tuinywe zahanatini, asubuhi, tukiwa na muda wa kubaki. Tubaki angalau saa nne, na mganga akisema ulale, lala. Hata chooni mgonjwa asiende bila mtu wa kumshika mkono.

Na je, hii si sawa na dawa kumkataa mtu? Dawa inayokataa, hasa penisilini, mara nyingi hujionyesha ndani ya dakika chache: ngozi inawasha na kutoka mabaka, midomo inavimba, pumzi inabana. Mtikisiko wa homa ya papasi huja baada ya saa moja au zaidi, kwa baridi na homa. Yote mawili mwite muuguzi bila kungoja. Lakini ukiambiwa ni mtikisiko, usiitupe dawa. Kwa kawaida haurudii kwenye dozi zinazofuata, na ukiacha katikati homa itakurudia.

Iko pia homa ndugu ya hii, inayoletwa na chawa wa nguo, na inajulikana sana Ethiopia. Vijidudu vyake hutoka chawa anapopondwa, vikaingia mwilini kwa mikwaruzo. Kwa hiyo chawa wasipondwe kwa kucha. Nguo zichemshwe na kupigwa pasi. Yenyewe mara nyingi hutibiwa kwa dozi moja tu, lakini mtikisiko wake huwa mkali zaidi, na uangalizi ni ule ule.

Basi tugawane kazi. Wewe mwenye duka la dawa, anayekuja kuomba doksisaiklini ya homa inayoenda na kurudi, mwelekeze zahanati kwanza. Wewe bosi, mfanyakazi anayeanza dawa hii mpe siku nzima. Wewe mwalimu, mwanafunzi aliyetoka likizo akipata homa, muulize alilala wapi. Na wewe unayesafiri kesho kwenda kwa bibi, beba chandarua, lala kitandani badala ya sakafuni, sogeza kitanda mbali na ukuta, kisha bakia siku moja umsaidie bibi kuziba nyufa.