Acheni Kumhukumu Mtoto kwa Alama za Mwaka Juzi

Mzazi mwenzangu wa Khayega, leta kalamu na karatasi. Kulalamika tumelalamika vya kutosha, pale sokoni na kwenye mazishi. Leo tunapiga hesabu.

Chukua watoto wawili wa darasa moja. Ni wa mfano tu, ila unawajua, maana wako kila boma. Mmoja tumwite Muhonja, mwingine Lihanda. Kwa hisabati wamefanya majaribio matano ya mada ileile. Muhonja amepata 25, 32, 48, 66, 70. Lihanda amepata 70, 66, 48, 32, 25.

Jumlisha, gawa kwa tano. Muhonja 48.2. Lihanda 48.2. Ripoti fomu zinaandikwa 48, wote ME2, wote wamefikia matarajio, na wewe unatia sahihi.

Wamelingana kweli? Mmoja anapanda, mwingine anaporomoka. Mmoja leo anajua anachofanya, mwingine amepotea na anahitaji kushikwa mkono kabla jua halijazama. Karatasi imewafunika wote wawili kwa shuka moja, na wewe hukuuliza. Mbona hukuuliza?

Nakwambia ukweli: kujumlisha na kugawa si haki. Ni uvivu uliovaa tai.

Iko hesabu nyingine. Si ya kichawi, na walimu kwingineko duniani wanaitumia. Iite wastani unaofifia. Kila mtoto anapofanya jaribio jipya, alama mpya inabeba uzito mkubwa, tuseme asilimia 65. Wastani aliokuwa nao hadi jana unabeba 35 zilizobaki. Jaribio jingine likija, unarudia vilevile. Alama za zamani hazifutwi. Zinapungua nguvu kila hatua.

Tumfanyie Muhonja. Anaanza na 25. Anapata 32: asilimia 65 ya 32 ni 20.8, asilimia 35 ya 25 ni 8.75, jumla 29.55. Anapata 48, wastani unafika 41.5. Anapata 66, unafika 57.4. Anapata 70, unafika 65.6. Hiyo ni ME1.

Sasa Lihanda, kwa hesabu ileile. Anaanza na 70, anashuka hadi 67.4, kisha 54.8, kisha 40, na anaishia 30.2. Hiyo ni AE2. Huyu mtoto anaungua, na wastani wa kawaida ulikuwa unakwambia mambo ni shwari.

Umeona? 65.6 na 30.2. Watoto ambao jana uliambiwa wako sawa!

Na ile 25 ya kwanza ya Muhonja, ya siku alipokuwa hajui hata swali linataka nini, imebaki na uzito wa asilimia 1.5 tu. Katika wastani wa kawaida ilikuwa na asilimia 20, sawa kabisa na ile 70 ya mwisho. Alama ya ujinga wake na alama ya ujuzi wake zilipewa kiti kimoja. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wazee wetu walisema, sisi tukayaweka kwenye ripoti fomu na kuyafanya ndwele ya kudumu.

Na tuache kujifanya hatuelewi. Sisi ni watu wa mafahali. Fahali wa Isukha akiingia uwanjani Khayega, nani anauliza alipigwa mara ngapi akiwa ndama? Watu wanataka kujua alipigana vipi safari iliyopita, na ile kabla yake. Kwa ng'ombe tuna akili hiyo. Kwa mtoto tuliyemzaa tunaikosa?

Mtasema hayo ni mambo ya mwalimu na darasa lake. Haya, twendeni juu, kwa wakubwa.

Watoto wa kwanza wa mtaala huu wa umilisi walifanya KJSEA mwaka 2025 wakiwa Gredi ya 9, na Januari 2026 wakaingia sekondari pevu. Alama ya kuwapanga ilichanganywa hivi: KJSEA asilimia 60, KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20.

Isome tena, polepole. Tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 ni miaka miwili mizima ndani ya asilimia 20. Ukizigawa sawa, kila mwaka ni 10. Mtihani wa Gredi ya 6, ambao ndio mkongwe kuliko yote, una 20 peke yake.

Yaani kazi ya mtoto ya mwaka jana ina nusu ya uzito wa alama aliyopata miaka mitatu iliyopita. Uzito unashuka kutoka 60 hadi 10, unabaki 10, halafu unaruka tena hadi 20 tunaporudi utotoni. Hesabu gani hiyo? Nani aliipika, na nani kati yetu aliionja kabla ya kumeza?

Tena tuliambiwa nini kuhusu ule mtihani wa Gredi ya 6? Tuliambiwa hauzuii mtu, wote wanapita kwenda Gredi ya 7. Mzazi akapumua, akarudi shambani. Miaka mitatu baadaye mtihani ule unaibuka na kudai theluthi ya uzito wa KJSEA. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, ndugu zangu, na mshindo ndio huo.

Tumpigie hesabu mtoto mmoja wa mfano. KPSEA alipata 30. Gredi ya 7 akapata 40, Gredi ya 8 akapata 60, KJSEA akapata 68. Mtoto anapanda ngazi bila kurudi nyuma hata mara moja. Kwa mchanganyiko wa sasa: 40.8 ya KJSEA, 6 ya Gredi ya 8, 4 ya Gredi ya 7, 6 ya KPSEA. Jumla 56.8.

Sasa iache KJSEA na 60 zake zilezile, halafu uache zilizobaki zififie kwa utaratibu huohuo, kila hatua ikichukua asilimia 60 ya kilichobaki: Gredi ya 8 ichukue 24, Gredi ya 7 ichukue 9.6, KPSEA ibaki na 6.4. Mtoto yuleyule anafika karibu 61.

Zaidi ya alama nne zimepotea njiani. Hazikupotea kwa sababu hajui. Zimepotea kwa sababu alikuwa mdogo. Palipo na shule moja nzuri na watoto wengi mlangoni, alama nne ndizo zinazoamua nani anaingia na nani anarudi na sanduku lake.

Nawasikia watetezi. Wanasema alama za shuleni haziaminiki, kwamba mwalimu anaweza kumpakia mtoto wake sukari kabla ya kuziwasilisha kwa KNEC, ilhali KPSEA ni mtihani wa taifa. Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Lakini jibu lake ni kuzikagua alama za shule: chukua sampuli ya kazi za watoto, mwalimu wa shule jirani azisahihishe upya, linganisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tumeuacha wazi, halafu gharama ya ukuta tukamtwika mtoto wa miaka kumi na miwili.

Tena KPSEA haipimi vitu vilevile. Ina karatasi tano, na mbili kati ya hizo ni masomo yaliyounganishwa. Sekondari msingi ina masomo tisa, yakiwemo ya kiufundi ambayo mtoto wa Gredi ya 6 hajawahi kuyaona. Utapimaje leo ujuzi wa jambo ambalo siku ile hakuwa amefundishwa?

Na hapo ndipo ninapowageukia walimu, kabla hamjakimbilia hesabu yangu kwa furaha. Wastani unaofifia una meno. Una maana pale tu majaribio yanapopima ujuzi uleule. Kama jaribio la kufungua muhula lilikuwa la sehemu na desimali, na la kufunga ni la pembe na maumbo, alama ya mwisho haionyeshi kukua. Inaonyesha mada nyingine. Weka kila ujuzi kwenye mstari wake, ufifishe mstari kwa mstari. Ukichanganya yote kwenye kapu moja utapata uongo mpya badala ya uongo wa zamani.

Jambo la pili ni siku mbaya. Mrudie Muhonja akiwa na 57.4, halafu malaria imkamate asubuhi ya jaribio la tano, apate 20 badala ya 70. Wastani wake unaanguka hadi 33.1. Wastani wa kawaida ungempa 38.2. Ndiyo, hapa hesabu yangu imemuumiza zaidi, na sifichi.

Lakini mpe jaribio jingine. Akipata ile 70 yake, wastani unaofifia unampandisha hadi 57. Wa kawaida unamwacha 43.5, na homa ile itamfuata hadi mwisho wa mwaka. Kwa hiyo sharti ni moja: asiyekuwa na jaribio la marudio asitumie hesabu hii. Ukiona alama ya mwisho iko mbali mno na mbili zilizotangulia, usiikabidhi kwa mzazi. Mwite mtoto, mpime tena.

Mnaona sasa hatari ya KJSEA? Ina asilimia 60 na haina kesho yake. Mtoto akiugua wiki ile, kinachoweza kumshika asianguke ni kazi yake ya karibuni, ya Gredi ya 8. Na hiyo ndiyo tuliyoipa 10! Tumempa kamba nyembamba mahali ambapo anahitaji nene, kisha tunashangaa anapodondoka.

Mchumia juani hulia kivulini, tunawaambia watoto kila siku. Mtoto amechuma juani miaka mitatu. Kivuli kiko wapi? Unamfundisha nini akikazana, akapanda, halafu karatasi ikamrudisha alikokuwa? Unamfundisha kwamba kukazana ni kazi bure. Na yule aliyeanza vizuri kisha akalala, unamfundisha kwamba usingizi unalipa.

Wewe mzazi unayesema hesabu ni ya wasomi, wewe unayeuza nyanya na kujua faida hadi senti ya mwisho, usinidanganye. Huku ni kuzidisha na kujumlisha. Unaweza. Umelala tu.

Mkutano ujao wa wazazi, simama. Mwambie mwalimu aonyeshe majaribio yote ya mtoto kwa mpangilio wa tarehe, kila ujuzi na mstari wake, si namba moja ya mwisho. Muulize alama ya Februari ina uzito gani mwezi wa Novemba. Muulize mtoto aliyeugua atapimwa tena lini. Akishindwa kujibu, usiketi.

Na kwa KNEC na wizara, neno letu ni fupi. Kagueni alama za shule, kisha mwongezeeni mtoto uzito wa Gredi ya 8. Shusheni ule wa Gredi ya 6 uwe chini kuliko yote. Kama mna sababu ya kukataa, ileteni na hesabu yake mezani, tuione, tuipinge kwa kalamu.