Mkeka wa Mwalimu wa Madibira

Mwalimu mmoja wa Madibira, wilayani Mbarali, alinionyesha picha ya karatasi ya kubashiri matokeo ya mpira, ile ambayo vijana huiita mkeka. Alitaka kujua ni vipi shilingi 1,000 zinaahidiwa kuzaa 21,670.

Mkeka una mechi tano. Katika kila moja amebashiri ama mabao yatafika matatu, ama hayatafika, na pande zote mbili zimepewa odi ya 1.85. Odi hazijumlishwi, huzidishwa. Odi hizo tano zikizidishwa hutoa 21.67, nayo ikizidishwa kwa dau hupatikana kiasi kile, dau lenyewe likiwa ndani yake. Kodi ya ushindi bado haijakatwa. Ubashiri mmoja ukikosea, yote yamepotea.

Sasa tutazame lile ambalo karatasi hailisemi. Mtu akiweka 1,000 kila upande wa mechi moja, ametoa 2,000 na atarudishiwa 1,850. Hizo 150 ni za kampuni, matokeo yawe yoyote, na makato hayo hurudiwa kwa kila mechi inayoongezwa. Ikiwa pande zote zina nafasi sawa, katika mikeka 32 hushinda mmoja kwa wastani. Basi malipo ya haki yangekuwa 32,000.

"Lakini ndugu yangu, nilikosa mechi moja tu!" alinijibu, akiwa tayari kujaribu tena. Hapo ndipo wengi hunaswa. Katika mikeka hiyo 32, mitano hukosa mechi moja tu. Mwalimu hakukaribia chochote. Alipata hasara ya kawaida kabisa.