Bumu la siku 60 halilindwi kwa kuacha chipsi

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayekopeshwa kiwango kamili cha chakula na malazi anapigiwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya kabla ya mwaka wa masomo 2022/23. Fedha zenyewe huingia kwa mkupuo wa siku 60: laki sita. Bumu likikauka mapema, wazee husema vijana wamelila kwa chipsi kuku. Wapo wa hivyo, lakini nadhani tunawaonea wengi.

Tumchukue binti aliyepanga Makulu, na bei tuziweke za mfano. Chumba ni 60,000 kwa mwezi, wanakaa wawili, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu: 90,000 kila mmoja. Mkopo wake wa ada haukufika asilimia mia, na muhula huu anadaiwa 150,000 ambazo asipolipa hafanyi mtihani. Kabla hajanunua hata kilo ya unga, amebaki na 360,000. Nauli ya daladala kwenda na kurudi, 1,200 kila siku ya kipindi, itakula kama 52,000. Ukigawa kinachobaki kwa siku 60, anapata shilingi 5,100 kwa siku: chai na chapati asubuhi, wali maharage mara mbili kwa mama lishe, basi. Sabuni, bando na umeme havimo.

Bumu linalofuata likichelewa wiki mbili, hesabu yote inaanguka. Ndiyo maana anayejua maisha ya pale hugawa kwa siku 75. Binti wetu akifanya hivyo, na nauli za siku za ziada akizitoa, anabaki na kama 3,900 kwa siku. Kwa kiasi hicho mama lishe haiwezekani. Wapike wawili chumbani, ugali na mlenda au maharage ya kuchemsha mara moja kwa siku mbili, na gesi wachangie.

Kuchapisha kazi za darasani kuna fungu lake, 200,000 kwa mwaka za vitabu na viandikwa, ila zikishaingia pamoja na bumu hazitambulikani tena. Aziweke kando siku hiyohiyo. Kwa shilingi 100 kwa ukurasa, ripoti ya kurasa 40 inayorudishwa mara mbili kwa marekebisho ni 12,000, yaani chakula cha siku tatu.

Wapo wanaotaka bumu lilipwe kila mwezi ili vijana wasitapanye. Siungi mkono. Mwenye nyumba hapokei kodi ya mwezi mmoja, na laki tatu, ikishalipa kodi na ada ya binti huyu, ingemwachia 60,000 tu za nauli na chakula cha mwezi mzima. Kinachomuumiza zaidi ni kutojua siku. Bodi ya Mikopo na vyuo vitangaze mwanzoni mwa muhula tarehe ya kila malipo na kuishika, naye ataweza kugawa kwa 60 badala ya 75. Tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi 1,000 kila siku, sahani nzima ya chakula.