TANGAZO LA MOTO LA HAPA SOY: NANI ATAHESABIWA?



Katika ghala moja la mahindi hapa Soy limebandikwa tangazo jipya la moto. Tumelisoma neno kwa neno, na twasema waziwazi kwamba tangazo hili limeandikwa ili mkaguzi alione, wala si ili mtu apone.

Tangazo lasema: king'ora kikilia, acheni kazi, tokeni kwa mlango ulio karibu, msikimbie, msirudi kuchukua koti wala baiskeli, nendeni mahali pa kukusanyikia, msimamizi wa moto ataita majina. Maneno haya ni mazuri, hatuyapingi. Lakini yameandikwa kwa Kiingereza, na yako ukutani mwa ofisi ya karani ambamo mchukuzi wa magunia haruhusiwi kuingia na viatu vyake.

Na hayo majina yatatoka wapi? Yatatoka katika daftari la mahudhurio. Msimu wa mavuno usiku mmoja tuliwahesabu watu wetu wenyewe: katika daftari walikuwamo 38, na vibarua wa kubeba magunia walikuwa 23. Jumla 61. Hao 23 hawamo daftarini. Majina yao yako katika karatasi ya nyapara, na nyapara huiweka mfukoni. Basi moto ukitokea, msimamizi ataita majina 38, wote 38 wataitika, naye atamwambia mkubwa wa zimamoto kwamba watu wote wametoka. Ikiwa kibarua amelala nyuma ya magunia, hakuna atakayetumwa kumtafuta. Karatasi itasema amepona.

Dawa yake si ghali. Kila anayepita langoni, awe wa mwezi au wa siku, aandikwe hapo langoni anapoingia na anapotoka. Orodha hiyo ikae kwa askari wa lango, wala si ofisini, kwa maana ofisi nayo yaweza kuungua. Moto ukitokea askari atoke nayo mkononi.

Tena huyo msimamizi wa moto ni nani? Ni karani, naye huenda nyumbani saa kumi na moja jioni. Usiku hakuna. Kazi ya msimamizi si kuvaa kitambaa mkononi tu. Yeye apite sehemu yake, atazame chooni, stoo na nyuma ya magunia, lakini moshi ukimzuia asiingie; afunge milango nyuma yake bila kuitia kufuli; kisha atoe habari: mmoja hayupo, alionekana mara ya mwisho mahali fulani. Kila zamu iwe na wake, na mwingine wa kumshikia siku akiugua, nao wawe watu wanaofanya kazi mle ndani.

Mahali pa kukusanyikia pamewekwa langoni, kando ya tangi la dizeli. Gari la zimamoto kutoka Eldoret litapita wapi, ikiwa watu 61 wamesimama njiani? Na upepo ukivuma kuelekea lango, moshi wote utawafuata. Twataka mahali pawili, pande mbili za ghala, mbali na njia ya magari, na watu waende upande ule ambao upepo unatoka.

Jambo la mwisho ni kufuli. Mlango wa nyuma hufungwa usiku, ati kwa sababu ya wizi wa mahindi. Udhuru huu ni mzee kuliko sisi. Tarehe 25 Machi 1911, katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, ili wafanyakazi watokee mlango mwingine ambako mikoba yao ilipekuliwa. Siku hiyo walikufa watu 146, wengi wao wasichana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya usalama na afya kazini imekataza jambo hili: maadamu kuna mtu ndani, mlango usifungwe kwa namna ambayo hawezi kuufungua mara moja kutoka ndani. Mwenye ghala anayeogopa wizi na aajiri askari wa pili, aache kuwafungia watu.

Kanuni za moto za mwaka huohuo zataka zoezi la kutoka lifanyike angalau mara moja kila miezi 12. Sisi twataka lifanyike usiku, mzigo ukiwa umejaa, vibarua wakiwamo. Mjumbe wetu atasimama langoni na hesabu yake mwenyewe. Akihesabu watu 61 na msimamizi akasoma 38, basi zoezi limeshindwa, nasi hatutatia sahihi yetu mpaka lifanywe tena.