Barua ya Benki Inapovuka Mipaka

Mama mmoja wa Likoni ametuandikia. Bintiye amepata nafasi ya masomo Dubai, naye ametakiwa apeleke stetimenti ya benki ya babake iliyoidhinishwa. Mama aliichapa stetimenti kutoka kwenye simu, akagongewa muhuri na kamishna wa viapo, kisha karatasi ikarudishwa. Je, kosa li wapi?

Katika safari hii, hakuna ofisi baada ya benki inayozithibitisha fedha zenyewe. Kila ofisi hushuhudia tu saini ya iliyoitangulia. Saini moja isipotambulikana na anayefuata, safari hukomea hapo.

Stetimenti ya simu huandikwa chini yake kwamba haihitaji saini. Hapa nyumbani inatosha, lakini kwa safari hii haina saini ya kushuhudiwa. Baba na aende tawini kwake, aombe stetimenti na barua iliyotiwa saini kwa kalamu, jina na cheo cha mtia saini, na muhuri wa benki.

Kisha aende kwa wakili aliye notari. Kamishna wa viapo husimamia viapo vya kutumika humu nchini, ilhali notari ndiye ashuhudiaye hati ziendazo ng'ambo. Msajili wa Mahakama Kuu huithibitisha saini ya notari, Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi, huithibitisha ya Msajili, na ubalozi wa Imarati uliopo Nairobi huithibitisha ya Wizara. Hati ikifika huko, Wizara ya Mambo ya Nje ya Imarati huhitimisha.

Tafsiri ya Kiarabu nayo isitangulizwe. Ikifanywa Mombasa mapema, mihuri itakayogongwa baadaye haitakuwamo ndani yake; tena mahakama na ofisi za Imarati hutaka mfasiri mwenye leseni ya Wizara ya Sheria ya huko. Basi ifanywe mwisho, Dubai, hati ikiwa imekamilika.

Kabla ya kutoka benki, tazameni majina. Baba aweza kuwa Mohamed katika akaunti na Muhammad katika pasipoti, au jina la babu likawa limeachwa. Benki ikiweza, isahihishe kwanza. Isipoweza, ale kiapo kwamba majina yote mawili ni yake, na kiapo hicho kipitie njia ile ile pamoja na stetimenti.

Mwisho, ulizeni chuo stetimenti isizidi umri gani. Mkiichukua mapema mno, itachakaa ingali njiani. Mkichelewa, muhula utaanza bila binti. Msibandue kurasa zilizofungwa pamoja na notari, hata kwa kutoa nakala, kwani alama ya pini iliyong'olewa huzua shaka.

Wabillahi tawfiq.