Usiweke "Hapana" kila mahali kwenye fomu ya forodha

Wauzaji wenzangu, hii ni kwa wanaofuata mzigo China. Mwezi uliopita dada mmoja tunayeuza naye nguo mtandaoni alinitumia picha mbili Wasap, yuko kwenye foleni uwanja wa ndege wa Guangzhou. Moja kadi ya kuwasili, nyingine fomu ya forodha. Chini kaandika, "Mdogo wangu, nitafsirie fasta. Kote niweke Hapana, si ndiyo?" Nikamwambia, dada, subiri kwanza.

Kadi ya kuwasili ni nyepesi. Majina yaandike kama yalivyo kwenye pasipoti. Namba ya pasipoti na namba ya viza ni vitu viwili. Ya viza iko kwenye stika ya viza. Anwani wanayotaka ni ya hoteli utakayofikia, sio ya kwako Mbagala. Sababu ya safari ifanane na viza yako. Yeye ana viza ya M, ambayo ni ya biashara, kwa hiyo asiweke utalii.

Kwenye fomu ya forodha nikamuuliza, "Umebeba nini?" Akasema dola 7,500 taslimu, vipande vya kitenge vya kumwonesha mtu wa kiwandani, na dagaa kilo mbili. Vyote vitatu vinaulizwa!

Swali la fedha linasema hivi: una fedha za kigeni taslimu zinazozidi thamani ya dola 5,000, au yuani zaidi ya 20,000? Kwake jibu ni Ndiyo. Wengi tunaogopa hapa, tunadhani watakata kodi. Hawakati. Wanaandika tu kwamba umeingia nazo. Mzigo ukikosekana ukataka kurudi na hizo 7,500, karatasi yenye muhuri ndiyo ushahidi kwamba ulikuja nazo. Bila hiyo, zinazozidi 5,000 utazieleza vipi wakati wa kutoka?

Swali la bidhaa za biashara linataja na sampuli. Hata kama hauziuzi, vile vipande vya kitenge ni sampuli, weka Ndiyo.

Swali la wanyama na mimea linahusu pia vitu vinavyotokana nao. Samaki mkavu yumo, na dagaa ni samaki. Ukisema, wanaweza kuchukua dagaa. Ukificha wakakuta kwenye mashine, sasa ni kosa la kudanganya, na faini inaweza kufuata.

Akaweka Ndiyo tatu, akapita njia nyekundu, ile ya wenye cha kutangaza. Dagaa walibaki. Hela zilihesabiwa, akapewa nakala yenye muhuri.

Mimi naona tatizo letu sio lugha. Tunaomba kutafsiriwa jibu badala ya swali. Ukimtumia mtu picha ya fomu, mwambie na ulichobeba. Na ile nakala ikae pamoja na pasipoti mpaka utoke China.