Malipo ya likizo kwa mwenye zamu zisizo sawa

Juma hili tumeletewa barua na mama mmoja wa Masalani, ambaye binti yake anahudumia wazee majumbani kule Leicester, Uingereza. Binti alichukua likizo ya saa 60 ili aje kuwaona wazazi, na alipolipwa, fedha zilikuwa pungufu kuliko alivyotazamia. Mama anauliza: je, mwanangu amedhulumiwa, au ndiyo desturi ya huko?

Swali la mama lina mashiko. Sisi tumezoea Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 28 kinampa mfanyakazi likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kila mwaka kwa mshahara kamili. Mwenye mshahara wa mwezi hana tabu ya kuujua mshahara wake kamili. Lakini binti huyu juma hili hufanya kazi saa 40, juma lijalo saa 10, na saa za usiku zina ujira mkubwa kuliko za mchana. Mshahara wake kamili ni upi?

Sheria ya huko, kwa Uingereza yenyewe, Skotlandi na Welisi, hujibu kwa wastani. Huhesabiwa majuma 52 yaliyopita ambayo mfanyakazi alilipwa, kuanzia juma kamili la mwisho kabla ya likizo na kurudi nyuma. Juma ambalo hakulipwa chochote hurukwa, na badala yake huchukuliwa la nyuma zaidi, ila hairuhusiwi kupita majuma 104. Aliyeajiriwa kwa muda mfupi zaidi huhesabiwa majuma kamili aliyokwisha kuyafanya.

Tuchukue mfano mdogo wa majuma matano, ingawa hesabu halisi ni ya 52. Tuseme saa ya mchana ni pauni 13 na ya usiku ni pauni 16. Juma la kwanza binti alifanya saa 40 za usiku, akapata pauni 640. La pili, saa 10 za mchana, pauni 130. La tatu hakuitwa kazini. La nne, saa 30 za usiku, pauni 480. La tano, saa 20 za mchana, pauni 260. Jumla ni saa 100 na pauni 1,510. Gawanya fedha zote kwa saa zote, utapata pauni 15.10 kwa saa. Likizo ya saa 60 basi ni pauni 906.

Hapa ndipo wengi hupunjwa, pengine bila ya mwajiri kukusudia. Karani akichukua ujira wa mchana peke yake, yaani pauni 13, atalipa pauni 780, na binti atakuwa amepoteza 126. Mwingine huchukua ujira wa kila juma (16, 13, 16, 13) na kuutafutia wastani, akapata 14.50, naye amekosea, kwa kuwa juma la saa 10 amelipa uzito sawa na juma la saa 40. Ama lile juma tupu, halidhuru wastani wa saa, kwa sababu halina saa wala fedha. Linadhuru pale mwajiri anapotafuta wastani wa juma: 1,510 kwa majuma matano ni pauni 302, ilhali kwa majuma manne yenye malipo ni 377.50.

Njia nyepesi ya kutambua ni kugawanya malipo ya likizo kwa saa za likizo. Jibu likiwa sawasawa na ujira wa mchana, naye binti hufanya zamu nyingi za usiku, kuna jambo la kuuliza.

Lakini kabla ya kumlaumu mwajiri, binti atazame hati zake za mshahara. Kwa miaka ya likizo iliyoanza tarehe 1 Aprili 2024 au baadaye, mwajiri wa mtu mwenye saa zisizo sawa anaruhusiwa kulipa likizo kidogo kidogo, kwa kuongeza asilimia 12.07 juu ya kila malipo. Nambari hiyo imetokana na majuma 5.6 ya likizo kugawanywa kwa majuma 46.4 yanayobaki ya kazi. Nyongeza hiyo lazima ionekane katika mstari wake peke yake. Ikiwapo, basi fedha za likizo amekwisha kuzipokea, na huenda amezitumia bila kujua. Ikiwa haikuonyeshwa peke yake, mwajiri hakuzingatia sharti hilo.

Mama, mwambie akusanye hati zote za majuma 52 hayo, aandike saa na fedha katika safu mbili, kisha amwombe mwajiri kwa maandishi amwonyeshe alivyofikia hesabu yake. Wasipoelewana, afisi iitwayo Acas hushauri bila malipo. Asikawie, kwani muda wa kupeleka dai barazani ni mfupi.